Ukuta Uliozinduliwa

Kuna ukuta mmoja Tarime ambao mpaka leo nikiupita natamani kutema mate. Si mchafu. Umepakwa rangi ya krimu juu na kahawia chini, ili matope ya miguu ya watoto yasionekane, na katikati pamechorwa mwanafunzi mwenye sare, kitabu mkononi, meno yote nje. Pembeni mwa mwanafunzi yupo pundamilia. Nani alimwalika pundamilia kwenye somo la Kiingereza sijui. Nadhani fundi alikuwa amezoea kuchora mabango ya kambi za watalii, mkono ukashindwa kuacha.

Shule hiyo ya msingi haiko mbali na Sirari. Upepo ukija upande wetu tulikuwa tunasikia honi za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya. Mimi ni wa Natta, wilaya ya Serengeti, na serikali ndiyo iliyonipeleka Tarime kufundisha Kiingereza. Nilipofika nilipapenda. Nilipenda baridi ya asubuhi, nilipenda migomba, na nilipenda watu ambao ukiwaudhi wanakwambia usoni. Hilo la tatu nimelitoa kwenye hesabu.

Ukuta ulichorwa nikiwa likizo ya uzazi. Siku hizi shule nyingi zinafanya hivyo, wanaita kuta zinazoongea: mtoto akipita kwenda chooni anasoma, akirudi anasoma, mwishowe yale maneno yanamwingia. Ni wazo zuri sana, mradi ukuta uwe unasema la maana. Wetu ulikuwa na sentensi tatu kwa herufi kubwa nyekundu:

I AM INTERESTED WITH ENGLISH.
I AM NOT AFRAID WITH EXAMINATIONS.
I AM GOOD IN MATHEMATICS.

Sentensi tatu, makosa matatu, na hakuna hata moja lililokosewa na fundi. Fundi alinakili alichopewa. Aliyempa ni mwalimu mkuu mwenyewe, mtu wa suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni, ambaye alikuwa na imani kwamba Kiingereza ni Kiswahili kilichovalishwa koti.

Na makosa yale yana asili yake, hayakuanguka kutoka mbinguni. Sisi tunasema "napendezwa na Kiingereza", kwa hiyo mtu anatafuta kiungo cha kuweka mahali pa ile "na", anaokota *with*. Tunasema "hodari katika hesabu", anaokota *in*. Kuhusu kuogopa ndiyo balaa zaidi, maana sisi tunaogopa kitu moja kwa moja bila kiungo chochote: naogopa mbwa, basi. Mtoto ukimwacha ataandika *I am afraid dogs*, na mwalimu asiye na uhakika atachomeka lolote linalomjia. Waingereza wao wameamua ni *interested in*, *afraid of*, *good at*. Ukiuliza kwa nini, hawana jibu la kukushibisha. Kila neno lina mwenzake, unayakariri yakiwa pamoja, na ukiyatenganisha mtihani unakuadhibu.

Nilipotoka likizo nilikwenda ofisini siku hiyo hiyo. Mwalimu mkuu akasema, "Tutaliangalia." Katika ofisi ile jambo likishaambiwa tutaliangalia, lilikuwa limeshazikwa na matanga yameanuliwa.

Basi nikawa nafundisha darasani jambo moja na ukuta unafundisha nje jambo jingine. Madarasa yenyewe yalikuwa yamejaa mpaka unamruka mtoto kumfikia mtoto, na Kiingereza sasa kinaanzia darasa la kwanza. Nilikuwa peke yangu. Kamati ya shule ikakubali kuchukua mwalimu wa kujitolea, wazazi wamchangie mahindi na kitu kidogo, na kila mwanzo wa mwaka kamati ikae iamue kama anaendelea.

Akaja binti mmoja. Ni mzaliwa wa kijiji kile kile, ila baba yake alipofariki alichukuliwa na mama yake mdogo aliyeolewa Isebania, ng'ambo ya mpaka, akasoma huko shule ya msingi. Sekondari na chuo cha ualimu amesoma huku Tanzania, na vyeti anavyo. Alikuwa anasubiri ajira ya serikali kama wenzake wote. Alikaa na mama yake, mwanamke mgonjwa wa miguu, nyumba ya kwanza ukitoka shuleni, na aliniambia tangu wiki ya kwanza kwamba asipopata nafasi pale atalazimika kwenda mbali, na mama atabaki na nani? Kwa hiyo ile nafasi ya mahindi, ambayo wengine wangeicheka, kwake ilikuwa ndiyo kubaki nyumbani au kuondoka.

Alikuwa mwalimu kweli kweli. Mimi nina cheti na nina miaka, lakini nilikwenda kukaa nyuma ya darasa lake kama mwanafunzi. Aliyakata maboksi ya sabuni akatengeneza kadi, zingine ameandika *interested*, *afraid*, *good*, *tired*, *proud*, zingine *in*, *of*, *at*. Watoto wanavaa kadi shingoni kwa uzi wa katani. Akipiga makofi, kila mmoja amtafute mwenzake washikane mikono, kisha waseme sentensi. *Afraid* anamshika *of*: "I am afraid of snakes." *Good* anamshika *at*: "I am good at drawing." Akija *tired* naye akamgombania *of*, darasa zima linacheka, naye anawaambia *of* ni kama shangazi, ana watoto wengi wa kushika mkono. Aliwafundisha pia kwamba kitendo kikifuata kinavaa *ing*, usiseme *good at draw*. Na mtoto mmoja alipouliza kwa nini kitabuni kuna *afraid for*, alimweleza bila kusitasita: *afraid of* unamwogopa mtu, *afraid for* unamhofia mtu yasije yakampata mabaya. Nilitoka pale nimefurahi hadi nikasahau chai.

Yeye naye akauona ukuta. Hakupiga kelele. Alinifuata akasema, "Dada, nilikuwa naomba twende wote kwa mwalimu mkuu, nisionekane mtoto wa juzi namrekebisha mkubwa." Hivyo ndivyo alivyolelewa. Tulikwenda. Alimwamkia shikamoo, akasimama mpaka alipoambiwa akae, akaeleza kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mwenzake.

Mwalimu mkuu akachukua kishikwambi alichopewa na serikali. Akaandika, akasoma, akasogeza kidole, akasoma tena. Mimi nilikuwa nimekaa upande wake, niliona kioo. Aliyaona yote matatu. Halafu akakilaza kile kishikwambi kifudifudi juu ya meza.

"Ni kweli," akasema. "Lakini ukuta umeshazinduliwa."

Nikamuuliza kuzinduliwa kunahusianaje na Kiingereza.

"Mwalimu, mgeni rasmi alikata utepe pale. Amepigwa picha na zile sentensi. Leo nikizifuta, nimesema nini? Nimesema mgeni rasmi alizindua upuuzi."

"Sasa si alizindua upuuzi kweli?"

Alinitazama kama nimejamba kanisani. Binti akaangalia chini, nadhani alikuwa anazuia kicheko. Tukaambiwa tuendelee kufundisha vizuri, na jambo hilo libaki baina yetu. Nayaandika haya ili msomaji ajue kwamba yule mzee alijua. Alijua kabla, kwa macho yake, na alitamka kwa mdomo wake kwamba ni kweli. Yaliyofuata asingeweza kusingizia ujinga.

Mwanzoni mwa mwaka kukawa na mkutano wa wazazi. Wameketi uwanjani kwenye madawati yaliyotolewa nje, wamama upande wao na vitenge vyao, wazee mbele na fimbo zao. Mwalimu mkuu akataka kuwaonyesha matunda. Akamwita msichana wa darasa la sita, bora kuliko wote, akamwambia asimame mbele ya ukuta awasomee wazazi Kiingereza.

Mtoto yule aliuangalia ukuta, akafunga mikono nyuma, akasoma kwa sauti ya kengele:

"I am interested in English. I am not afraid of examinations. I am good at mathematics."

Mwalimu wake alikuwa amemfundisha, na mtoto aliyefundishwa vizuri haoni kosa, jicho linaruka lenyewe mahali pasipo sawa. Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu mkuu naye akapiga, ila mikono haikuwa na nguvu. Nikadhani imepita salama.

Akasimama mzee mmoja, mwenye ng'ombe wengi na darasa la saba lake la zamani. Akasogea mpaka ukutani. Akainua fimbo akaanza kuzigusa herufi moja moja.

"Hapa pameandikwa *IN*. I na N. Mimi nilisoma, mura, msinione hivi. Huyu mtoto anasema *at*. Mbona anasoma kisichoandikwa?"

Akagusa na pale juu, akakuta napo hapalingani. Akageuka.

"Wanafundishwa kusoma au wanafundishwa kukariri? Nani mwalimu wao?"

Hapo ndipo mwalimu mkuu alipokuwa na nafasi yake. Sentensi moja tu: ukuta umekosewa, tutaurekebisha. Wangecheka, wangemtania kidogo, wangekwenda kula. Wakurya wanasamehe mtu anayekubali kosa kuliko anayelificha, nimekaa nao najua. Yeye akajikohoza, akarekebisha koti.

"Ni yule mwalimu wa kujitolea," akasema.

Na kutoka kwenye wamama sauti ikasema, "Si ndiye aliyesoma Kenya?"

Nilisikia lile neno likitembea benchi hadi benchi. Kenya. Kenya. Watu wale, jamani, ambao nusu yao shangazi zao wako Isebania, wanavuka mpaka kwenda harusini na misibani, chumvi yao ya Kenya, sabuni yao ya Kenya, sinia la kupepetea mchele la Kenya. Siku ile Kenya ikageuka kuwa ugonjwa.

Mwalimu mkuu aliipokea ile sauti kama mtu anayezama aliyepewa kamba. Uso wake ulilegea, nikauona. Akasema kwa upole mkubwa, "Ndugu wazazi, tusimlaumu sana. Kila nchi ina Kiingereza chake. Wakenya wanasema *good at*. Huku kwetu Tanzania tunasema *good in*. Ni tofauti ya mitaala tu."

Nimekunywa kichuri tangu nihamie Tarime, ule mchuzi wenye nyongo, na siku za mwanzo nilikuwa nausukumia chini kwa kufumba macho. Sikuwahi kuhisi uchungu kama niliouhisi kooni pale. Kiingereza cha Tanzania! Nilisimama bila kuitwa.

Niliwaambia hakuna kitu kama hicho. Niliwaambia mtihani wa taifa wa hapa hapa Tanzania unataka *good at*, na mtoto akiandika *in* anakosa. Nilimtuma mwanafunzi kuleta kamusi ofisini, nikawafungulia ukurasa, nikampa yule mzee wa fimbo ashike mwenyewe. Aliigeuza geuza.

"Hii imechapwa wapi?" akauliza.

"Uingereza, tata," nikamjibu, kwa neno lao la kumwita baba.

"Si Tanzania."

"Kiingereza ni cha Uingereza, tata!"

Wakacheka, na kicheko kile hakikuwa upande wangu. Mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara wa duka la vifaa vya ujenzi, akaniambia kwa upole kwamba mimi ni mtu wa Natta, mambo ya mpakani siyajui, Wakenya wanaingia kidogo kidogo. Mwalimu mkuu akaongeza hoja yake ya kitaalamu. Alisema, "Hata vitabuni kuna *weak in mathematics*. Kama dhaifu ni *in*, hodari atakosaje kuwa *in*?" Wazee wakatikisa vichwa, hoja imekaa vizuri. Na kweli *weak in* ipo, ndiyo sumu ya hoja ile. Alichukua kiungo cha neno moja akakivisha neno jingine, kama mtu anayekwambia kwa kuwa fulani ni mume wa dada mkubwa basi na mdogo ni mkewe pia. Nilijaribu kulieleza hivyo hivyo. Wamama walicheka, wazee wakaona nimewakosea adabu.

Kisha likaja jambo ambalo nikisimulia kwetu Natta watu wananiambia natunga. Mwenyekiti akasema ili tusipoteze muda, kamati ipige kura. Wanaosema ni *at* wanyooshe mikono, wanaosema ni *in* wanyooshe mikono. Kura! Watu wazima, chini ya jua, wanapigia kura kiungo cha Kiingereza kana kwamba ni mjumbe wa shina. Nikanyoosha mimi, ambaye hata kura sina. Akanyoosha mjumbe mmoja, mama muuza dagaa, ambaye alisema mwanawe tangu afundishwe na yule binti anaongea hadi usingizini. Waliobaki wote walikuwa *in*. Mjumbe mwingine, mfanyabiashara ambaye hununua mali yake Isebania kila wiki na anawasiliana na wauzaji wake kwa Kiingereza alinyoosha mkono wa *in* huku anaangalia pembeni.

Binti wa watu alikuwa amesimama muda wote huo karibu na mlango wa darasa la tatu, mikono ameikunja kwenye kanga aliyojifunga. Mwenyekiti akamwita mbele. Hakumkaripia, lazima niseme haki. Alimwambia, "Mwanangu, sisi hatuna ugomvi. Swali ni moja. Utawafundisha watoto kilichoandikwa ukutani? Ukisema ndiyo, unaendelea na kazi yako, yameisha."

Nilimwomba kwa macho aseme ndiyo. Nasema kweli. Aseme ndiyo, achukue mahindi, abaki na mama yake, darasani afunge mlango afundishe anachokijua. Nani angemfuata? Wote tungefanya hivyo.

Yeye alimgeukia mwalimu mkuu. Alimtazama kwa heshima ile ile ya siku ya ofisini, akasubiri. Alimpa muda. Nadhani mpaka dakika ile aliamini kwamba mtu mzima, mwenye nywele nyeupe, aliyesema kwa mdomo wake "ni kweli", atalisema tena. Mwalimu mkuu akainama kuangalia kiatu chake, akapangusa vumbi kwa kiatu cha pili.

"Siwezi," binti akasema. "Watafeli, na watasema ni mimi niliyewafundisha."

Mikono ikanyooshwa tena, safari hii ya kumwondoa. Ilikuwa rahisi zaidi kuliko ile ya kwanza. Mkono ukishajua njia ya kwenda juu haupati shida. Halafu tukala, kulikuwa na ugali na nyama, na mwalimu mkuu alipewa kipande cha ubavu. Alikula vizuri. Mimi niliacha sahani yangu kwenye dawati nikarudi nyumbani na harufu ya ile nyama puani.

Haikuishia hapo, maana uchafu ukishamwagwa haubaki mahali pamoja. Baada ya muda mfupi mtendaji wa kijiji akamwita binti alete cheti cha kuzaliwa. Amesikia maneno, akasema, si kwamba anamshuku, ila watu wanaulizia uraia wake. Mama yake, na miguu ile, alijikokota hadi ofisi ya kijiji kuapa kwamba mtoto alizaliwa juu ya kitanda kile pale, na mkunga yupo hai. Cheti kilikuwepo, kilikuwa sawa. Lakini aliyewahi kuombwa cheti cha kuzaliwa kijijini kwake anajua kwamba kukipata hakumalizi neno. Watoto waliokuwa wakimwita madam sasa walikuwa wanamwita Mkenya, na wengine walikuwa wale wale waliovaa kadi zake shingoni.

Akaondoka. Alikwenda Isebania kwa mama yake mdogo, akapata shule ya binafsi huko. Mama alibaki na mtoto wa jirani wa kumchotea maji. Siku ya kuondoka nilimsindikiza hadi barabarani kwenye bodaboda. Niliuliza kama anawaogopa watu wale. Akasema hapana, hawaogopi hata kidogo, ila anawahofia wale wa darasa la sita. Nikamsaidia kufunga begi.

Kabla mwaka haujafika katikati akaja mdhibiti ubora wa shule kutoka Tarime mjini. Mwanamke mfupi, viatu vya kutembelea mashambani, miwani imefungwa kamba. Hakuwa amefika hata ofisini. Alisimama mbele ya ukuta, akausoma, akarudia, akatoa simu akaupiga picha. Sisi walimu tulikuwa tumesimama mstari kumpokea.

"Nani ameandika hivi?" akauliza.

Na mwalimu mkuu, bila hata kukohoa safari hii, akasema:

"Ni mwalimu mmoja wa kujitolea, mheshimiwa. Alisoma Kenya. Tulishamwondoa."

Nimewahi kushika mzoga wa kuku kwa bahati mbaya gizani, vidole vikazama. Ndivyo nilivyohisi mwili mzima. Walimu wenzangu, wote waliokuwepo siku ukuta unachorwa, waliokula wali wa uzinduzi, walikuwa wanatazama mbele kama askari wa gwaride.

Nikasema, "Si kweli. Alipokuja huyo mwalimu rangi ilikuwa imeshakauka. Sentensi alizitoa mwalimu mkuu, na huyo binti ndiye aliyemwambia kwamba zimekosewa. Aliondolewa kwa sababu alikataa kuzifundisha."

Mdhibiti alinitazama, akamtazama yeye. Nilidhani litatokea jambo. Nilidhani, sijui nilidhani nini. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Hayo ni mambo ya ndani ya shule," akasema. "Mimi ninachotaka ukuta urekebishwe kabla sijarudi."

Wakaingia ofisini kunywa soda. Mimi nikaandikiwa barua ya kujieleza kwa utovu wa nidhamu, na muhula uliofuata nikahamishwa darasa, nikapewa stadi za kazi. Kabla ya hapo mwalimu mkuu alimtuma mtu kwangu nimwandikie sentensi zilizo sahihi, ili fundi asikosee. Nilimwambia yule mtu aende akasome kishikwambi.

Fundi akaja. Akafuta tatu, akaandika tatu, *in*, *of*, *at*, kila moja mahali pake, na pundamilia akamwongezea majani ya kula. Ukuta ukawa sahihi. Haukuzinduliwa tena, ila watoto waliambiwa waukariri, na wakaukariri.

Nilimpigia binti simu. Nilimwambia ukuta sasa unasema alichokuwa anasema yeye, pengine arudi, nitamsemea kwa mwenyekiti. Alinishukuru. Akaniuliza miguu ya mama yake inaendeleaje. Akasema huko Isebania wanafunzi wanamwita Mtanzania, ila wanamwita kwa kucheka, haina mwiba. Kurudi hakukugusia.

Mwisho wa mwaka nilikwenda gulioni kununua ndizi. Nikakutana na mama mmoja wa kitenge cha kijani, yule ambaye sauti yake niliitambua siku ya mkutano, ile iliyouliza si ndiye aliyesoma Kenya. Alinisalimia kwa furaha, akaniwekea ndizi za ziada. Mwanawe wa darasa la tano alikuwa amekaa juu ya gunia anaimba peke yake, *I am good at mathematics*, *I am good at mathematics*, huku anazungusha kijiti.

Mama akamsikiliza, akatabasamu hadi masikioni.

"Umesikia, Mwalimu?" akasema. "Tangu yule Mkenya aondoke, Kiingereza cha watoto kimenyooka kabisa."

Nilizirudisha ndizi zake, zote, na zile nilizokuwa nimeshazilipia.